Transport, toner na kompyuta kwenye invoisi moja: kipi mali, kipi matumizi?

Swali: Mkuu naomba msaada, softwea imesoma invoisi ikanitolea mistari 5 kwenye Ekseli: desktop 5 za 1,400,000 kila moja, toner 4 za 250,000, transport 160,000, setup ya kompyuta 160,000, mafunzo ya staff 300,000. Jumla 8,620,000 kabla ya VAT. Zote mali za kudumu? Na uchakavu najaza nini?

Jibu: Hapana ndugu, siyo zote. Ila kwanza fungua invoisi yenyewe uhakikishe hizo bei ni kabla ya VAT kweli, maana softwea huwa zinachanganya hapo. 8,620,000 ukiiongezea 18% inakuja 10,171,600, kama chini ya karatasi imeandikwa hiyo basi uko sawa. Na kama kampuni imesajiliwa VAT na mna risiti ya EFD, hiyo VAT mnaidai, haiingii kwenye gharama ya mali.

Desktop ni mali, mtazitumia miaka. Toner inaisha, hiyo matumizi. Wengi wanakwama kwenye transport na setup kwa sababu siyo vitu, mtu anaona mstari umekaa peke yake anautupa kwenye matumizi, wakati kanuni ya uhasibu ya IAS 16 inataka gharama ya kukifikisha kitu na kukiweka tayari kwa kazi iungane na kitu chenyewe. Setup yote inaenda kwa kompyuta. Transport imebeba na toner pia, kwa hiyo igawe kwa thamani, 7,000,000 kwa 1,000,000, kompyuta zinapata 140,000 na toner 20,000. Mafunzo ni matumizi, IAS 16 imeyakataa wazi hata kama bila mafunzo hakuna anayejua kuziwasha 😅

Kwa hiyo mali ni 7,300,000, yaani 1,460,000 kila desktop, na matumizi 1,320,000. Jumlisha, inarudi 8,620,000, isiporudi kuna mstari umeuruka.

Kwenye rejista fungulia kila desktop mstari wake na serial namba (nenda kazisome kwenye mashine, invoisi nyingi hazinazo), siku moja ikiibiwa utajua unafuta ipi. Tuseme mmekubaliana miaka 4, na mwisho mnaweza kuiuza 260,000: 1,460,000 toa 260,000, gawa miezi 48, ni 25,000 kwa mwezi kila moja. Hiyo miaka na bei ya mwisho softwea haiwezi kuitoa kwenye invoisi, kaulizeni bosi na mtu wa IT.

Tarehe ya kuanzia pia siyo ya invoisi. Invoisi ya 12 Machi, zimefungwa zikawa tayari 2 Aprili, uchakavu unaanza Aprili, hata kama hakuna aliyezigusa hadi Mei.

Halafu weka kolamu nyingine ya TRA, kompyuta ziko klasi ya 1, 37.5% kwa salio linalopungua. Hiyo ni ya hesabu ya kodi tu, usiichanganye na ile 25,000.