Ngozi ya kucha inayochanika kwa kunawa sana

"Nanawa mikono siku nzima kazini, ngozi ya pembeni ya kucha inachanika. Mafuta ya kucha peke yake yanatosha?"

Hayatoshi. Ushauri wa kupaka krimu kila unaponawa ni sahihi, ila huacha jambo kubwa: ipake ngozi ikiwa bado na unyevunyevu, kiasi cha punje ya njegere, ukianzia migongo ya vidole hadi kwenye mzizi wa kucha. Wengi huanzia viganjani, krimu ikaishia huko. Chagua yenye gliserini, isiyo na manukato. Mafuta ni ya usiku: tone dogo kila ukucha, kisha mafuta ya mgando juu yake. Kijingozi kilichochomoka kikate kwa mkasi safi. Ukikivuta, kinapasua na ngozi yenye afya. Pakivimba na kupwita, muone daktari.