cPanel imejaa: kipi nifute, kipi nisiguse?

"Wakuu, hostingi inasema diski imejaa na barua pepe za ofisi haziingii. Nikifungua File Manager naona folda kibao. Nifute zipi bila kuua tovuti?"

Mkuu, usifute kitu kwanza. Humo humo cPanel kuna Disk Usage. Ifungue ikuoneshe mzigo uko folda ipi.

Mimi niliruka hatua hiyo. Nilikuwa nahudumia duka la vipuri lenye nafasi ya GB 5, nikaona folda inaitwa `mail` ina karibu GB 2, nikadhani ni takataka za mfumo, nikafuta. Kumbe folda hiyo ndiyo sanduku la barua lenyewe. Ndani yake kuna folda ya domeni, ndani ya hiyo kuna ya kila mtumiaji, na kila barua ni faili moja lililolala `cur` au `new`. Asubuhi mwenye duka akanipigia: oda zote za wateja zimetoweka hadi kwenye simu yake. Kilichoniokoa ni kwamba sikuweka tiki kwenye "Skip the trash", kwa hiyo nilizikuta View Trash nikazirudisha. Na nafasi haikuwa imeongezeka hata kidogo, maana folda ya `.trash` nayo inahesabiwa.

Baadaye Disk Usage ilinionesha wachawi wenyewe: bakapu ya zamani ya `.tar.gz` iliyoachwa nje ya `public_html`, na faili la `error_log` ndani yake. Bakapu niliipakua kwenye kompyuta, nikahakikisha inafunguka, ndipo nikaifuta. `error_log` unaweza kuifuta bila hofu, ila itazaliwa upya. Isubiri siku moja, ifungue ikiwa bado ndogo, usome mstari unaojirudia. Kwangu ilikuwa plagini moja iliyopitwa na toleo la PHP.

Barua zenyewe zipunguze kwa Email Disk Usage, sanduku moja moja, baada ya kumuuliza mwenye nalo. Folda za `etc` na `ssl` ziache zilivyo.

Hifadhidata ndiyo ninayokuomba sana usiiguse. Kuangalia majedwali kwenye phpMyAdmin hakuna shida, lakini Drop haina kapu la taka, na mara nyingi hifadhidata haifiki hata MB 100, kwa hiyo hutapata nafasi ya maana. Hata kubadili nenosiri la mtumiaji wake kunaangusha tovuti, kwa sababu WordPress inalisoma hapa, kwenye `wp-config.php`:

```
define( 'DB_USER', 'duka_wp' );
define( 'DB_PASSWORD', 'nenosiri' );
```

Ukibadili upande mmoja tu, ukurasa utaandika "Error establishing a database connection". Ukiiona hiyo, linganisha pande hizo mbili kabla ya kupaparika.

Ukishafungua Disk Usage, tuwekee hapa majina ya folda tatu nzito zaidi, jina la akaunti ulifiche.