N(d1) si uwezekano: kosa la wiki yangu ya kwanza kwenye opsheni

Wiki yangu ya kwanza kazini nilipewa opsheni moja ya kununua, ya Kiulaya, nikaambiwa nilete bei na delta, yaani kiasi ambacho bei ya opsheni husogea hisa ikisogea kwa 1. Nilipeleka karatasi imeandikwa: bei 5.59, delta 0.41. Mkubwa wangu akaiangalia, akauliza, "Kwa hiyo uwezekano wa opsheni hii kutekelezwa ni ngapi?" Nikajibu bila kusita: asilimia 41. Akanirudishia karatasi yangu na kuniambia nikafikirie tena.

Wengi wanaoanza hujibu hivyohivyo. Bei yangu ilikuwa sahihi, hesabu nilikuwa nimeifanya mwenyewe kwa mkono, lakini sikujua herufi mbili zilizomo ndani ya fomula zinasema nini. Tuifanye tena pamoja.

Hisa inauzwa 100 leo. Opsheni inampa mwenye nayo haki ya kuinunua kwa 110 baada ya nusu mwaka, na kwa kuwa ni ya Kiulaya, haki hiyo hutumika siku ile ya mwisho tu. Riba isiyo na hatari ni asilimia 5 kwa mwaka, mtetereko wa bei ni asilimia 30 kwa mwaka, na hisa haitoi gawio katika kipindi hicho. Fomula waliyoichapisha Black na Scholes mwaka 1973 inachukulia kwamba logi ya bei ya siku ya mwisho inafuata mgawanyo wa kawaida. Ndani yake S ni bei ya hisa leo, K ni bei ya utekelezaji, r ni riba, σ ni mtetereko, T ni muda kwa miaka, na C ni bei ya opsheni:

```
d1 = [ln(S/K) + (r + σ²/2)·T] / (σ·√T)
d2 = d1 − σ·√T
C  = S·N(d1) − K·e^(−rT)·N(d2)
```

Logi asilia ya 100/110 ni −0.0953. Kipande cha pili juu ya mstari ni (0.05 + 0.045) × 0.5, yaani 0.0475. Chini kuna 0.30 × √0.5, ambayo ni 0.2121. Kwa hiyo d1 ni −0.225 na d2 ni −0.438. N ni eneo lililo kushoto mwa namba hiyo chini ya mchoro wa kengele, na linatupa N(d1) = 0.4108, ambayo ndiyo delta niliyoiandika, na N(d2) = 0.3309. Ile 110 ya nusu mwaka ujao ina thamani ya 107.28 leo. Bei basi ni 41.08 kutoa 35.50, karibu 5.59. Angalia T ni 0.5, si 6. Na mtetereko ni 0.30, si 30. Makosa hayo mawili hujifichua yenyewe, maana bei hutoka ya ajabu.

Jibu la swali nililoulizwa lilikuwa 0.3309. N(d2) ndiyo uwezekano kwamba hisa itamaliza juu ya 110, na sehemu ya pili ya fomula inasomeka vizuri kabisa: nitalipa 110 iwapo tu opsheni itatekelezwa, kwa hiyo malipo hayo nayazidisha kwa uwezekano wake, kisha nayaleta kwenye thamani ya leo.

Mbona basi sehemu ya kwanza haina N(d2) hiyohiyo? Kwa sababu ukitekeleza hupokei hisa yenye bei ya wastani. Unapokea hisa ambayo tayari imepanda, la sivyo usingetekeleza. Katika mfano wetu, ukichukua zile hali tu ambazo bei imevuka 110, wastani wake ni 127.31. Sasa zidisha 127.31 kwa 0.3309, kisha punguza kwa riba ya nusu mwaka: unapata 41.08, ileile S·N(d1). Kwa hiyo N(d1) imebeba mambo mawili kwa pamoja, uwezekano wa kutekeleza na ukubwa wa kile utakachopokea ukitekeleza. Ndiyo maana ni kubwa kuliko N(d2) siku zote. Na bei nzima unaweza kuisimulia bila fomula: mara 33 katika 100 utapata kwa wastani 17.31, ambayo kwa thamani ya leo inatoa 5.59.

Pengo kati ya hizo mbili hukua pamoja na σ√T. Chukua hisa ya 100, bei ya utekelezaji 100, riba sifuri, mtetereko asilimia 80, miaka minne. d1 ni 0.8 na d2 ni −0.8. Delta inasoma 0.79, ilhali uwezekano wa kutekelezwa ni 0.21 tu. Kwa opsheni za wiki chache utasikia wazoefu wakitumia delta kama uwezekano, na hawapotei sana. Kwenye ile ya miaka minne wangepotea vibaya.

Onyo moja kuhusu hiyo 0.3309 yenyewe. Ni uwezekano wa dunia ambamo hisa inakua kwa kiwango cha riba isiyo na hatari. Ukiamini hisa itakua kwa asilimia 12 kwa mwaka, weka 0.12 mahali pa r ndani ya d2 na utapata 0.39. Bei ya opsheni haibadiliki kwa imani yako hiyo, kwa sababu aliyeiuza anaweza kujikinga kwa hisa zenyewe.

Hapo ndipo delta inapofanya kazi yake halisi. Tuseme umeuza opsheni hii juu ya hisa 1,000 na kupokea 5,587. Unanunua hisa 411 kwa 41,100, na pengo la karibu 35,500 unakopa. Rudi kwenye fomula: sehemu ya kwanza ndiyo hisa ulizoshika, ya pili ndiyo deni lako. Hisa ikipanda hadi 101, opsheni inafika 6.01. Imepanda 0.42, si 0.41, kwa kuwa delta nayo imesogea njiani hadi 0.43. Inabidi uongeze hisa 18 hivi. Kesho ikishuka, utaziuza.

Kuna jambo ambalo lahajedwali ilinifundisha kwa bahati mbaya. Siku nyingine niliandika hivi, nikiweka seli zangu mahali pa kila herufi, na bei ikatoka sifuri:

```
=S*NORM.S.DIST(d1,FALSE)-K*EXP(-r*T)*NORM.S.DIST(d2,FALSE)
```

FALSE inatoa urefu wa mchoro wa kengele, si eneo. Ilipaswa kuwa TRUE. Kosa la kitoto. Lakini nilibadilisha bei ya hisa, nikabadilisha mtetereko, muda, kila kitu, na sifuri haikuondoka. Si ajali: S mara urefu wa kengele kwenye d1 ni sawasawa na K·e^(−rT) mara urefu wake kwenye d2, kwa namba zozote zile. Kwenye mfano wetu pande zote mbili ni 38.89.

Usawa huo ndio unaofanya delta iwe N(d1) tupu. Ukitafuta badiliko la C kwa badiliko la S, unakumbuka kwamba S imo pia ndani ya d1 na d2, na unatarajia mkia mrefu wa hesabu. Mkia huo upo. Ni vipande viwili tu, na ni vilevile vilivyonipa sifuri.