Kumpata mteja wa kifurushi cha mboga, 45,000: ni hasara?

"Tangazo na ofa vinanila 45,000 kwa kila mteja mpya hapa Njiro, naye analipa 60,000 kwa mwezi. Nipunguze?"

Habari mkuu. Usipunguze bado. Toa kwanza gharama ya mboga za soko la Kilombero, vifungashio na bodaboda. Tuseme unabaki na 18,000. Kisha fungua daftari: kati ya waliolipa mwezi uliopita, wangapi hawajalipa mwezi huu? Wakiondoka 10 kwa kila 100, mteja hukaa wastani wa miezi 10, na anakuachia 180,000. Hiyo 45,000 inarudi mwezi wa tatu, na hata gharama ya kumpata ikifika 60,000 bado inalipa.

Ila wastani huficha mambo, kwa hiyo watenganishe kwa njia waliyokujia. Mimi nasambaza maji ya madumu Sakina, na wanaoletwa na jirani hudumu kuliko waliofuata ofa. Wa ofa wakiondoka theluthi kila mwezi, wanakaa miezi 3 tu: 54,000. Hapo 45,000 ni nyingi mno.

Angalia na mfuko pia: wateja wapya 20 ni 900,000 inayotoka leo, na inarudi kidogo kidogo.