Anzeni na taa, kisha meza

Swali la wiki: "Chumba cha kijana wenu mmekipangaje, apate kulala vizuri, kusoma na kuwa na faragha yake?"

Sisi tulianza na taa. Binti yetu wa miaka 15 alikuwa anasomea kitandani kila jioni, na meza ipo. Usiku mmoja nikaketi kwenye kiti chake. Balbu ya darini ilikuwa mgongoni kwangu, kwa hiyo kivuli cha kichwa kililala juu ya daftari. Kitandani, chini ya ile balbu, kivuli hakuna. Ndiyo maana aliikimbia meza.

Tuliigeuza meza ikae ubavu kwa dirisha, mwanga uingilie kushoto, kwa kuwa anaandika kwa mkono wa kulia. Taa ya mezani nayo ikakaa kushoto. Kwa anayeandika kwa kushoto, yote yanageuzwa. Kuhakikisha ni rahisi: shika kalamu juu ya karatasi, uone kama kivuli cha mkono kinafunika maneno.

Kitanda sasa ni cha kulala tu, na kina taa yake ndogo ya mwanga wa manjano. Kwenye boksi la balbu tafuta 2700K. Hili lina sababu. Mtoto anapobalehe, saa ya mwili husogea mbele, na melatonini, homoni inayouandaa mwili kulala, huchelewa kutoka. Mwanga mkali usiku huichelewesha zaidi. Kwa hiyo saa moja kabla ya kulala taa kubwa inazimwa, na simu inachajiwa sebuleni. Wengi hutetea simu kwa sababu ya alamu. Saa ya mezani inamaliza ubishi huo. Asubuhi pazia linafunguliwa mara tu anapoamka, maana mwanga wa asubuhi ndio unaoirudisha saa ya mwili nyuma. Akilala hadi adhuhuri wikendi, Jumapili usiku usingizi utagoma tena. Umri huu unahitaji saa 8 hadi 10. Kama anazipata na bado anasinzia mchana, au anakoroma sana, hapo chumba hakina kosa. Mpelekeni kwa daktari.

Kuhusu faragha nina msimamo mkali. Kubisha mlango huku unaingia si kubisha hodi. Tunagonga, tunasubiri aseme karibu. Meza tuliiweka asiupe mlango mgongo, kwa sababu anayehofia kuchunguliwa kwa nyuma hasomi, anageuka geuka. Pia ana droo moja yenye ufunguo, na ufunguo anao yeye.

Wanaolala wawili chumba kimoja wanaweza kutundika pazia zito kutoka darini, katikati ya vitanda. Kila mmoja awe na taa yake yenye kifuniko, iinamishwe mezani, ili anayesoma hadi usiku asimmulike mwenzake usoni.