Slaidi nyingi, karatasi moja

"Slaidi 140 za takwimu, tumeruhusiwa kuingia na A4 moja. Naanzia wapi?"

Mdogo wangu, anza na mitihani ya nyuma. Fungua slaidi pale tu unapokwama. Kilichokukwamisha ndicho kiingie kwenye karatasi. Kila fomula iandikie sharti lake pembeni.

Mimi, hosteli hapa Dodoma, niliandika fomula tupu: t = (x̄ − μ)/(s/√n). Swali likaja: n = 16, x̄ = 52, μ = 50, s = 4. Nikapata 2, nikalinganisha na 1.96 ya z, nikaikataa nadharia tete. Kumbe σ haijulikani na sampuli ni ndogo: jedwali la t, digrii za uhuru 15, pande mbili, asilimia 5, linasema 2.131. Haikataliwi! Pembeni ungeandika: "σ haijulikani → t, n − 1".