Kutafuta Saa ya Kikao kwa Picha za Kalenda za Dar es Salaam, London na Toronto

Ukikabidhiwa picha za skrini za kalenda za wenzako watatu, mmoja akiwa Dar es Salaam, wa pili London na wa tatu Toronto, usikimbilie kutafuta nafasi tupu. Kwanza jua kila picha inasoma saa za wapi, kwa sababu kalenda kwa kawaida huonyesha saa za anayeitazama, hata kama ratiba ni ya mtu mwingine. Katika Google Calendar, alama kama GMT+03 hukaa juu ya safu ya saa upande wa kushoto, mahali panapokatwa kwa urahisi mtu anapopunguza picha. Ikikosekana, tafuta kikao ambacho wawili kati yao wanahudhuria pamoja. Mwezi Juni, kikao kilicho saa 15:00 katika picha ya London hakina budi kuwa saa 10:00 katika ya Toronto; kikiwa saa 15:00 katika zote mbili, picha ya Toronto imepigwa kwa saa za London, na ukiibadilisha tena utapotoka kwa saa tano.

Kisha pata muda wa pamoja kabla ya kusoma miadi yoyote. Kila mmoja akifanya kazi kuanzia 9:00 hadi 17:00 za kwake, mwezi Juni siku ya Dar es Salaam ni 06:00 hadi 14:00 UTC, ya London 08:00 hadi 16:00, na ya Toronto 13:00 hadi 21:00. Zinakutana saa moja tu, 13:00 hadi 14:00 UTC, ambayo huanza 16:00 Dar es Salaam, 14:00 London na 9:00 Toronto. Sasa unasoma kipande hicho peke yake katika kila picha.

Tuseme Jumatatu London ana kikao saa nzima. Jumanne Dar es Salaam anamaliza kikao 16:30, kwa hiyo inabaki nusu saa. Alhamisi inadanganya: Dar es Salaam ana nusu saa ya mwisho na Toronto ana ya kwanza, kila mmoja ana nafasi lakini hawakutani. Ijumaa Toronto yuko likizo, jambo linaloonekana tu kwenye mstari wa matukio ya siku nzima juu kabisa ya kalenda, kwa hiyo omba picha isiyokatwa. Jumatano London ana mwaliko wenye mpaka bila rangi ndani, yaani hajaujibu. Muulize, maana picha haiwezi kukuambia nia yake.

Hesabu hii haidumu mwaka mzima. London hurudisha saa nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba na Toronto Jumapili ya kwanza ya Novemba, ilhali Dar es Salaam haibadilishi. Tangu Novemba hiyo hadi Jumapili ya pili ya Machi, Toronto huanza kazi 14:00 UTC, wakati ambapo Dar es Salaam inafunga, na ile saa moja hutoweka. Kikao kitalazimika kuanza 17:00 za Dar es Salaam, na mwenzenu wa huko aombwe ridhaa kabla mwaliko haujatumwa.